Picha 12 za AI, rangi tatu za chapa: udongo unakubali, ngozi zinakataa

Dizaina_Ntinda
Habari za jioni wakuu. Nina kazi ya mteja anayefungasha kahawa ya arabika kutoka miteremko ya Masaba, upande wa Mbale. Hana fedha za kumpandisha mpiga picha mlimani, kwa hiyo tulikubaliana picha za tovuti na mitandao nizitengeneze kwa AI, naye atawaambia wateja wake wazi kwamba ni za kutengenezwa. Ziko 12: wavunaji shambani, mama anaanika kahawa, mikono imeshika punje mbichi, njia ya udongo mwekundu kati ya migomba, kikombe juu ya meza, jua linazama nyuma ya mlima, na kadhalika.

Kila picha peke yake inapendeza. Zikikaa pamoja kwenye ukurasa mmoja, utadhani zimetoka kwa watu 12 tofauti. Moja imeelemea njano, nyingine ina ubaridi wa buluu, majani ya hii yanang'aa kama plastiki na ya ile yamekaukia.

Rangi za chapa ni kijani kilichokoza `#1F4D3A`, nyekundu ya matofali `#A4492B` na krimu `#F2E8D5`. Nataka seti nzima ielekee huko. Tatizo langu ni hili: nikisogeza machungwa kuelekea matofali, udongo unakaa vizuri sana lakini watu wote wanakuwa wekundu. Nikitia kijani kwenye vivuli, mandhari inapendeza na nyuso zinaonekana za wagonjwa. Natumia GIMP na ImageMagick. Lightroom sina. Nianzie wapi?

SabuniZaMasaka
Dada, mbona unajitesa? Andika hizo hex kwenye maelezo unapoitengeneza picha. Mimi nauza sabuni, chapa yangu ni zambarau, huwa naandika namba ya rangi na inatoka zambarau.

Dizaina_Ntinda
Asante nnyabo. Nimeandika. Inatoa kijani, ila si kijani hicho, na kila picha inatoa chake.

FundiRangi_Jinja
Mama wa sabuni, kwako inafaa kwa sababu unahitaji kitu kimoja cha zambarau mbele ya macho. Ukipima ile zambarau kwa kidonoa rangi utakuta haiko sawa na namba uliyoandika, lakini hakuna anayegundua kwa kuwa picha iko peke yake. Chombo cha AI kinaisoma hex kama dokezo la maneno. Hakiipaki rangi hiyo kwenye pikseli. Na hata kama kingeipaka kwenye aproni, mwanga wa kwenye picha ungeibadilisha, kama unavyoibadilisha aproni halisi ukiitoa juani na kuiweka kivulini.

Dizaina, swali lako ni zuri kwa sababu umegusa mahali pagumu kabisa pa kazi hii. Fungua picha yako moja, chukua kidonoa rangi, washa `Sample average` ili kisome eneo badala ya pikseli moja, halafu pima vitu vinne: shavu la mvunaji upande wenye mwanga, udongo wa njia, punje za kahawa zilizokaangwa, na matofali ya chapa yako. Niletee namba za RGB.

Dizaina_Ntinda
Shavu 110, 72, 52. Udongo 168, 92, 56. Kahawa iliyokaangwa 62, 38, 26. Chapa ni 164, 73, 43.

FundiRangi_Jinja
Sasa ziangalie kwenye duara la rangi, lile la nyuzi 360 ambamo 0 ni nyekundu na 60 ni njano. Shavu liko kwenye nyuzi 21. Udongo 19. Kahawa 20. Chapa yako 15. Yaani ngozi, udongo na kahawa vyote vimesimama mahali pamoja, na chapa iko hatua chache tu pembeni. Kitelezi cha machungwa hakijui uso ni upi na barabara ni ipi. Ukikisogeza nyuzi tano kuelekea nyekundu, vyote vitatu vinahama pamoja. Udongo ukiwa mwekundu zaidi hakuna anayelalamika, maana udongo wetu tunaujua ni mwekundu. Uso ukihama nyuzi tano kila mtu anaona, hata asiyejua kusema ni nini kimebadilika.

Kinachotofautisha vitu hivi ni ukolezi. Chapa ina ukolezi wa asilimia 74, udongo 67, kahawa 58, ngozi 53. Hiyo tofauti ni ndogo lakini ipo, na tutairudia.

Suala la kijani kwenye vivuli lina sababu nyingine. Mitindo mingi ya rangi inayouzwa mtandaoni imetengenezwa na watu waliokuwa wanatazama ngozi nyeupe. Kwenye picha zao uso uko kwenye sehemu angavu, na vivuli ni ukuta, nywele na koti. Wakitia kijani au buluu kwenye vivuli, uso hauguswi. Kwa wavunaji wako, shavu lenye mwanga liko karibu asilimia 31 ya mwangaza, na upande wa kivuli unaweza kushuka hadi 17. Programu inauona uso wote kuwa ni kivuli, inaupaka kijani. Usiache kijani, kipunguzie eneo. Kwenye `Curves` ya kijani kitie chini ya asilimia 12 tu ya mwangaza, halafu weka nukta kwenye asilimia 17 inayorudisha mstari mahali pake. Hapo kitakaa kwenye mianya ya migomba na chini ya meza, na kitaacha uso.

Kijana_wa_Kisenyi
Mzee unazungusha sana. Kuna njia ya mkato. Chagua picha moja iliyo bora, pima wastani wa rangi na mtawanyiko wake, halafu lazimisha nyingine 11 zipate wastani huohuo. Photoshop ina `Match Color`, na kwa Python ni mistari michache. Mimi nilifanyia seti ya viatu, ikatoka sawasawa.

FundiRangi_Jinja
Kwa viatu sina neno, na naweza kusema kwa nini. Kila picha yako ilikuwa kiatu kimoja katikati na ukuta uleule nyuma. Wastani wa picha ulikuwa unapima kitu kilekile. Kwa seti hii, jaribu kuchukua picha ya shamba la migomba kuwa ya marejeo, halafu lazimisha picha ya mikono iliyoshika punje ifuate wastani wake. Wastani wa shamba ni kijani kwa sababu shamba ni kijani. Wastani wa mikono ni kahawia kwa sababu mikono ni kahawia. Hesabu itadhani kahawia hiyo ni kosa la mwanga na itaivuta mikono iwe kijani.

Kijana_wa_Kisenyi
Nimejaribu sasa hivi kwa picha zangu mwenyewe, uso mmoja na bustani moja. Ni kweli, uso umekuwa wa kijivu chenye ukijani. Lakini bado nasema kupima ni bora kuliko kukisia kwa macho.

FundiRangi_Jinja
Hapo tuko pamoja kabisa. Pima, ila pima kitu kimoja kinachojulikana badala ya kupima picha nzima. Nyeupe na kijivu ndivyo vitu vinavyojulikana. Dizaina, kwenye picha zako tafuta aproni nyeupe, kikombe cha bati, karatasi, ukuta wa saruji, gunia lililofifia la nailoni. Nipe namba za picha mbili zilizoachana zaidi.

Dizaina_Ntinda
Ile ya mama anayeanika kahawa, aproni yake nyeupe ni 231, 214, 178. Ile ya meza ya asubuhi, kikombe cheupe ni 203, 215, 228.

FundiRangi_Jinja
Nzuri sana, umeona tofauti ilipo. Ya kwanza nyekundu imezidi na buluu imepungua, ndiyo njano unayoiona. Ya pili ni kinyume chake. Hakuna mtindo wa chapa utakaozikutanisha picha hizi ukiupaka juu yake kabla ya kuziweka sawa, kwa sababu mtindo uleule utaiongezea njano iliyo njano tayari, na ile ya buluu utaifanya chafu.

Kwa hiyo kwanza unasafisha kila picha peke yake. Fungua `Levels`, usiguse kijani, vitu viwili vingine vifuate kijani. Kwa aproni unataka nyekundu ishuke kutoka 231 hadi 214: kwenye mkondo wa nyekundu, shusha mwisho wa juu wa `Output` uwe 236. Buluu unataka ipande kutoka 178 hadi 214: kwenye mkondo wa buluu, shusha mwisho wa juu wa `Input` uwe 212. Kwa kikombe cha asubuhi, nyekundu `Input` 241 na buluu `Output` 240. Hesabu yenyewe ni kugawanya tu: 178 mara 255 gawanya kwa 214, unapata 212.

Ukishusha `Input` ya buluu hadi 212, chochote kilichokuwa juu ya 212 kwenye buluu kimekatwa. Kwenye picha iliyoelemea njano huwa hakuna kingi huko juu, lakini ikiwa kuna kipande cha anga au taa ya dirisha, kitazame kabla ya kuhifadhi. Na kabla ya yote haya geuza picha iwe ya biti 16; `Levels` ikionyesha 0 hadi 100 badala ya 255, namba hizi zigawanye kwa 2.55. Picha ya AI inakuja na biti 8, na anga laini ukilivuta kwa nguvu katika biti 8 linavunjika kuwa ngazi zinazoonekana kwa macho.

Ukimaliza rangi, linganisha mwangaza pia. Aproni na vikombe vyote viwe karibu na 215, na weusi wa ndani kabisa usiwe 0 kwenye picha moja na 30 kwenye nyingine. Mimi napenda weusi ukae kati ya 12 na 18, ili kijani cha chapa kipate pa kukaa.

PwaniPikseli
Salaam kutoka Mombasa. Fundi, maneno yako mazuri, ila nina shaka na hiyo nyeupe. Kitambaa cheupe kivulini kwa haki yake kina buluu, maana kinaangazwa na anga. Ukikilazimisha kiwe cheupe kabisa, sehemu yenye jua itageuka njano. Na hizi picha za AI mwanga wake wenyewe hauna msimamo. Nimeona picha ambamo uso unaangazwa na jua la jioni na mkono wa mtu huyohuyo una mwanga wa mchana.

FundiRangi_Jinja
Umesema kweli ndugu yangu, na kwa picha za AI shida hiyo ni kubwa kuliko kwa kamera. Kamera ilikuwa mahali pamoja na jua moja. Hapa hakukuwa na jua. Ndiyo maana napima nyeupe iliyo upande uleule wa mwanga na uso, kwa sababu uso ndio ninaotaka uwe sahihi. Nyeupe ya mbali naiacha. Na nikikuta sehemu mbili za picha zinapingana, nasafisha kufuata uso, ile sehemu nyingine naipunguzia ukolezi kwa brashi. Ikishindikana, picha hiyo inatengenezwa upya. Kuna picha zisizostahili kuhangaikiwa.

Dizaina_Ntinda
Na ile ya jua linazama? Aproni humo ni ya machungwa kabisa. Nikiisafisha, machweo yanakufa.

FundiRangi_Jinja
Hiyo mimi nisingeisafisha yote. Ningeirudisha nusu ya njia.

PwaniPikseli
Mimi ningeitoa kwenye seti. Picha moja ya machweo kati ya picha 11 za mchana haitafanana nazo hata ufanye nini. Machweo yanataka seti yake.

Dizaina_Ntinda
Nitarudi kwenye hilo. Tuseme zote zimesafishwa. Mtindo wenyewe wa chapa ninautengenezaje ili niupake kwenye zote sawasawa? Nikirudia kwa mkono picha moja moja nitapotea.

FundiRangi_Jinja
Kwa kuwa una ImageMagick, tumia ubao wa hald. Ni picha ya mraba ya pikseli 512 kwa 512 yenye sampuli za rangi zote, ngazi 64 kwa kila mkondo. Chochote utakachofanya juu ya ubao huo kinakuwa kumbukumbu ya mtindo wako, na baadaye unaupaka popote. Unautengeneza mtupu, unauunganisha chini ya picha yako ya marejeo ili viwe kwenye turubai moja:

```
magick hald:8 hald_tupu.png
magick marejeo.png hald_tupu.png -append turubai.png
```

Chagua marejeo yenye uso, udongo na majani kwa pamoja. Fungua `turubai.png` kwenye GIMP na ufanye marekebisho kwa kuitazama picha ya juu. Ubao wa chini unabadilika nao bila wewe kuushughulikia. Tumia vitu vinavyogusa rangi tu: `Curves`, `Color Balance`, `Hue-Saturation`. Usiguse kunoa, kufuta chengachenga wala kuweka giza la pembeni, kwa sababu hayo yanatazama pikseli za jirani, na kwenye ubao majirani hawana maana yoyote. Usibadilishe ukubwa wa turubai, na usihifadhi kwa JPEG hata mara moja.

Marekebisho yenyewe kwa chapa yako ningeyafanya hivi. Sehemu angavu zielekee krimu, lakini zisifike. Krimu yako ni 242, 232, 213, na ukiifanya nyeupe yote ya picha iwe hivyo utakuwa umerudisha ile njano uliyoitoa. Ifike nusu tu, kiasi cha nyeupe kusomeka 236, 231, 222. Vivuli vipate kijani kama nilivyosema, chini ya asilimia 12. Halafu majani. Majani ya AI huwa na kijani chenye njano nyingi. Pima utaona, nadhani yako yapo kwenye nyuzi 80 na kitu.

Dizaina_Ntinda
Yapo 84. Na chapa yangu ni 155.

FundiRangi_Jinja
Usijaribu kuyafikisha 155. Hakuna mgomba wenye rangi hiyo na kila Mganda anayeona picha atajua kuna kitu si sawa. Yasogeze hadi 105 au 110, yapunguzie ukolezi, yatie giza kidogo. Jicho likiona kijani kilichokoza pembeni ya nembo yenye kijani kilichokoza, linavipatanisha lenyewe. Rangi kamili ya chapa iache kwenye vitu tambarare: nembo, pakiti, mkanda wa maandishi chini ya picha. Hivyo vyote vibandike baada ya kazi ya rangi kwisha. Pakiti ukiipitisha kwenye mtindo pamoja na picha, hex yake imekwenda.

Ukimaliza, hifadhi turubai kama `turubai_tayari.png`, kata ubao wake na uupake kwenye folda nzima ya `safi`, yaani zile picha ulizozisafisha:

```
magick turubai_tayari.png -gravity SouthWest \
  -crop 512x512+0+0 +repage hald_chapa.png
mkdir -p chapa mwisho
for f in safi/*.png; do
  magick "$f" hald_chapa.png -hald-clut "chapa/$(basename "$f")"
done
```

Kabla ya hapo fanya jaribio moja: fungua `turubai.png` kwenye GIMP, ihifadhi bila kurekebisha chochote, kata ubao wake na uupake kwenye picha yoyote. Picha ikibadilika, kuna kitu kimeharibu ubao, mara nyingi ni kuhifadhi vibaya au kubadilisha ukubwa. Isipobadilika, endelea.

Kijana_wa_Kisenyi
Hii nimeipenda. Na mtindo ukizidi nguvu unaupunguzaje bila kurudi mwanzo?

FundiRangi_Jinja
Unachanganya mbao mbili, mtupu na wa chapa. Hapa ni asilimia 70:

```
magick hald_tupu.png hald_chapa.png -compose blend \
  -define compose:args=70 -composite hald_70.png
```

Lakini nguvu iwe moja kwa seti nzima. Ukianza kuipa picha hii 70 na ile 50, unavunja seti uliyokuwa unaijenga. Picha inayodai nguvu tofauti haikusafishwa vizuri mwanzoni, irudi huko.

Dizaina_Ntinda
Nimefanya hadi hapo. Ndugu zangu, seti inaanza kuonekana seti! Majani yamekubali, krimu imekubali, nyuso hazina ukijani tena. Kilichobaki ni kile nilichoanza nacho, udongo na ngozi. Nikisogeza machungwa kwenye ubao, watu wanahama na barabara.

FundiRangi_Jinja
Ubao hauwezi kukusaidia hapo, na ni vizuri kujua mpaka wake. Ubao unajua rangi tu, haujui mahali. Pikseli ya shavu na pikseli ya udongo zikiwa na namba moja, zitapata jibu moja daima. Una njia mbili. Ya kwanza ni kutumia ile tofauti ya ukolezi: msogeo wa machungwa uguse tu rangi zenye ukolezi wa zaidi ya asilimia 60, kwa mpaka laini. Udongo wa 67 unaguswa, ngozi ya 53 inapona. GIMP haina kitelezi cha hivyo, lakini darktable inayo maski ya vigezo inayofanya hasa hilo, nayo ni ya bure.

PwaniPikseli
Njia hiyo ina shimo. Ngozi yenye jasho kwenye jua la jioni ukolezi wake unapanda. Na ngozi za watu si moja. Utampata mvunaji mmoja aliyepona na mwenzake pembeni ana madoa mekundu kwenye paji la uso, pale tu mpaka unapopita. Madoa ni mabaya kuliko uso mzima uliohama.

FundiRangi_Jinja
Ni kweli, ndiyo maana kwa kazi ya kulipwa ninapendelea ya pili. Acha mtindo uguse kila kitu, kisha rudisha ngozi kutoka kwenye picha safi kwa maski. Kwenye GIMP chora maski: kila kitu cheusi, ngozi ipake kijivu chenye mwangaza wa asilimia 65, kingo zilainishwe. Kisha:

```
magick chapa/mama.png safi/mama.png maski/mama.png -composite mwisho/mama.png
```

Palipo na kijivu hicho, asilimia 65 ya ngozi inatoka kwenye picha safi na 35 inabaki na mtindo. Usipake nyeupe kamili. Ngozi isiyoguswa kabisa katikati ya mandhari iliyoguswa inaonekana imekatwa na kubandikwa. Na kumbuka shingo, masikio, viganja na miguu. Watu wanapaka uso tu, halafu mvunaji anakuwa na uso wa rangi moja na mikono ya rangi nyingine.

Kwa picha 12 si kazi ya kutisha. Nyingine hazina mtu, hizo zinakili tu kutoka `chapa` kwenda `mwisho`.

Dizaina_Ntinda
Nimefanya ya mama na ya wavunaji wawili. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Udongo ni wa chapa na watu ni watu. Mvunaji mmoja ni mweusi zaidi ya mwenzake na tofauti hiyo imebaki, haikufutwa. Hilo lilinihangaisha sana, sikutaka wote wawe na ngozi moja kwa ajili ya rangi za kampuni.

Sasa nitajuaje kwamba seti iko sawa kweli, na si macho yangu yamezoea?

FundiRangi_Jinja
Ziweke zote kwenye karatasi moja, ndogo, kiasi usiweze kuona picha inahusu nini:

```
magick montage mwisho/*.png -tile 4x3 -geometry 320x320+6+6 karatasi.png
```

Halafu ondoka, rudi baadaye, itazame kwa sekunde chache. Iliyojitenga inaruka yenyewe. Usitazame usiku ukiwa na hali ya kupunguza buluu ya skrini imewashwa. Laptopu iliyopangiwa hivyo inaiwasha yenyewe jioni, na utasahihisha rangi ambayo haipo. Tazama pia kwenye simu mbili tofauti. Simu nyingi zina hali ya rangi kali iliyowashwa tangu dukani, machungwa hupaa humo. Sahihisha kwa laptopu, lakini hakikisha kwenye simu hakuna kinachotisha.

Na picha nyingi za AI zinakuja bila wasifu wa rangi ndani yake. Zichukulie kuwa ni sRGB na uuweke huo wasifu unapohifadhi ya mwisho, kila programu isije ikakisia lake.

SabuniZaMasaka
Nimefuatilia hadi hapa. Basi mimi chapa yangu ya zambarau haigombani na ngozi, siyo? Iko mbali kwenye hilo duara.

FundiRangi_Jinja
Haigombani kwenye kitelezi, nnyabo. Itagombana ukiitia kwenye vivuli, kwa sababu ileile: uso wa mteja wako uko kwenye vivuli. Zambarau juu ya kahawia inatoa kama jeraha la zamani. Weka zambarau kwenye ukuta wa nyuma na kwenye kitambaa, si kwenye mwanga.

Mchapishaji_Nasser
Nimechelewa kuingia. Nachapisha hapa Nasser Road na picha za namna hii zinaniletea ugomvi na wateja. Dada, mteja wako atataka bango na vibandiko vya pakiti, amini. Kijani hicho `#1F4D3A` kwenye wino kitakuwa karibu nyeusi, hasa kwenye karatasi isiyong'aa. Na vivuli vyako vya 12 hadi 18 vyenye kijani kidogo, kwenye bango vitakuwa shimo jeusi. Mandhari yote mliyoijenga kwenye vivuli haitaonekana.

Dizaina_Ntinda
Sasa nifanyeje, nitengeneze seti mbili?

Mchapishaji_Nasser
Za kuchapa ziwe na vivuli vilivyoinuliwa, kama 30 hivi badala ya 15, na omba kipande cha majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika kabla ya kulipia bango zima. Kila mashine ina tabia yake hata kwenye jengo moja. Nembo usiniletee kama picha, niletee kama mchoro wa vekta na uniambie namba ya wino.

FundiRangi_Jinja
Namkubalia kuhusu vivuli. Ubao wa hald wa pili kwa ajili ya kuchapa, uliojengwa kutoka picha zilezile safi. Usijenge kutoka zilizokwisha kupakwa mtindo. Ndiyo faida ya kutunza folda ya `safi`. Ila kwamba 30 inatosha, sijui, inategemea karatasi.

Mchapishaji_Nasser
Kwa bango la nje inatosha. Kwa kibandiko cha karatasi ya kahawia, ile ya krafti, hata 30 haitoshi, na krimu yako haitakuwepo kabisa kwa sababu karatasi yenyewe ina rangi. Hapo unahitaji wino mweupe chini, na si wengi hapa wenye mashine hiyo.

Kijana_wa_Kisenyi
Dizaina, kabla hujafunga: si ungechukua hizo zilizokamilika ukairudishia AI kama mfano wa mtindo, picha mpya zitoke na rangi hizo tayari?

PwaniPikseli
Nimefanya hivyo. Zinakaribia, na kazi ya kusafisha inapungua. Lakini usiirudishie picha ileile iirekebishe mara kwa mara. Kwenye chombo ninachotumia mimi kila mzunguko unaongeza njano, na uso wa mtu unabadilika kidogokidogo mpaka si yule tena. Toa mfano mara moja, halafu rudi kwenye ubao wako.

Dizaina_Ntinda
Nimemtumia mteja karatasi ya picha 12 kama dokumenti, siyo picha ya kawaida ya WhatsApp, ili isibanwe. Amezipenda. Ameuliza kwa nini ile ya machweo ni "ya moto" kuliko nyingine, kabla sijamwambia lolote. Fundi, hiyo niliirudisha nusu kama ulivyosema.

PwaniPikseli
Itoe.

FundiRangi_Jinja
Jaribu robo tatu kwanza. Aproni ya machweo isomeke kama 225, 208, 186, halafu uiweke mwisho wa ukurasa, mbali na ile ya kikombe cha asubuhi. Akiuliza tena, PwaniPikseli atakuwa ameshinda.